Gramu 0.08 za korosho: kupata ukubwa wa athari kutoka picha ya jedwali

Picha ya namna hii inazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya maafisa ugani na wakulima wa Masasi, Newala, Tandahimba mpaka Nachingwea. Mtu amehudhuria mafunzo, amesimama nyuma ya ukumbi, akapiga picha bango lenye jedwali dogo, kisha akaituma na maneno machache: "Mpulizo wa tano unaongeza uzito wa korosho, imethibitishwa." Chini ya jedwali kuna kinyota na maandishi p = 0.02, ishara kwamba tofauti ni "yenye maana kitakwimu".

Picha moja ya jedwali, ikiwa na wastani wa kila kundi, mtawanyiko wake na idadi ya vipimo, inatosha kukuonyesha tofauti ina ukubwa gani hasa, yaani ukubwa wa athari. Huhitaji data yote wala programu ya gharama. Unahitaji simu, kikokotoo chenye alama ya kipeuo cha pili, na uangalifu katika hatua moja ambayo ndiyo huwaangusha wengi. Mwongozo huu unafuata jedwali moja mwanzo hadi mwisho. Namba zake tumezitunga kwa ajili ya kujifunzia, si matokeo ya utafiti wa Naliendele wala wa kituo kingine.

Jedwali lenyewe

Tuseme picha inaonyesha hivi:

```
Kundi         n      Uzito wa korosho (g)
Mipulizo 4    1850   5.61 ± 0.024
Mipulizo 5    1790   5.69 ± 0.025 *
* p = 0.02
```

Mikorosho ya kundi la kwanza imepuliziwa salfa mara nne dhidi ya ubwiriunga, ya kundi la pili mara tano. Korosho ghafi zimepimwa moja moja kwenye mizani ya kidijitali. Safu ya n inasema idadi ya vipimo, namba ya kwanza kwenye safu ya uzito ni wastani, na namba iliyo baada ya alama ya ± ni mtawanyiko wa aina fulani. Shikilia maneno hayo, "wa aina fulani", kwa maana hapo ndipo penye mtego.

Hatua ya 1: Soma picha kabla ya kukokotoa

Andika namba zote kwenye karatasi, kisha zisome upya kutoka kwenye picha bila kutazama karatasi. Picha iliyopigwa kutoka mbali inaficha nukta ya desimali, inaigeuza 7 kuwa 1 na kuichanganya 6 na 8. Ukisoma 0.24 mahali pa 0.024, jibu lako la mwisho litakosea mara kumi. Njia rahisi ya kujikagua ni kulinganisha safu mbili: mtawanyiko wa makundi yanayofanana kwa kawaida hukaribiana. Kundi moja likiwa na 0.024 na lingine 0.25, huenda kuna nukta uliyoikosa.

Omba picha nzima pia. Wapigaji wengi hukata maelezo yaliyo chini ya jedwali kwa sababu yameandikwa kwa herufi ndogo, na mara nyingi ndiyo mahali pekee panaposema alama ya ± inawakilisha nini.

Kama picha ni ya chati ya nguzo badala ya jedwali, ikuze kwenye skrini na upime kwa rula. Tafuta alama mbili za mhimili, tuseme 5.5 na 5.8, na upime umbali kati yake. Ukiwa milimita 90, basi gramu 0.3 ni milimita 90, na kila milimita ni gramu 0.0033. Kijiti kinachotoka juu ya nguzo kikiwa na milimita 7, mtawanyiko ni takriban gramu 0.023. Simu ikiwa ilishikwa kwa mshazari, upande mmoja wa chati hufinyangika na vipimo havitalingana, kwa hiyo pima mhimili karibu kabisa na nguzo unayoisoma.

Ukiwa hapohapo, tazama mhimili unaanzia wapi. Ukianzia 5.5, nguzo ya kwanza ina kimo cha 0.11 na ya pili 0.19, na jicho litaona kundi la pili limekaribia kuwa maradufu. Ukianzia sifuri, nguzo hizo hizo zitakuwa kama mapacha.

Hatua ya 2: Jua alama ya ± ni kitu gani

Hatua hii inastahili muda kuliko nyingine zote.

Baada ya ± kwa kawaida watafiti huweka kimoja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni mkengeuko sanifu, unaoandikwa SD, unaosema korosho moja inatofautiana na nyingine kwa kiasi gani. Cha pili ni kosa sanifu, SE au SEM, linalosema wastani wenyewe ungeyumba kiasi gani kama upimaji ungerudiwa kwa korosho nyingine. Mkengeuko sanifu haupungui kwa sababu umepima korosho nyingi. Korosho za shambani zitabaki zimetofautiana vilevile. Kosa sanifu linapungua kadiri n inavyokua, kwa kuwa ni mkengeuko sanifu uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha n.

Ukubwa wa athari unahitaji mkengeuko sanifu. Ukiingiza kosa sanifu bila kujua, utapata jibu la ajabu. Kwenye jedwali letu ungegawanya 0.08 kwa takriban 0.0245 na kupata 3.3, athari ambayo ungeiona kwa macho ukitembea shambani.

Jedwali letu halisemi ni ipi. Kuna vipimo viwili vya kuligundua.

Kipimo cha kwanza ni akili ya mtu anayeijua korosho. Vitu vya asili vikitawanyika kwa kawaida, takriban asilimia 95 yake huangukia ndani ya mikengeuko miwili kila upande wa wastani. Kama 0.024 ingekuwa mkengeuko sanifu, karibu korosho zote zingekuwa kati ya gramu 5.56 na 5.66. Chota kiganja kimoja kutoka gunia lolote: utakuta nono na nyembamba, na tofauti kati yake unaihisi mkononi bila mizani. Korosho zinazolingana hadi sehemu ya kumi ya gramu hazipo. Kwa hiyo 0.024 ni kosa sanifu.

Kipimo cha pili kinatumia p iliyoandikwa. Thamani ya t ni tofauti ya wastani ikigawanywa kwa kosa sanifu la tofauti hiyo. Tukichukulia namba zetu ni makosa sanifu:

```
SE ya tofauti = √(0.024² + 0.025²) = 0.0347
t = 0.08 / 0.0347 = 2.31
```

Kwa sampuli kubwa, t ya 2.31 inatoa p ya takriban 0.02, sawasawa na bango. Tungechukulia ni mikengeuko sanifu, t ingefika karibu 98, na mwandishi asingeandika p = 0.02 bali p < 0.001. Namba zikilingana namna hii, mjadala umekwisha.

Wakati mwingine vijiti vya chati ni mpaka wa uhakika wa asilimia 95. Hapo gawanya urefu wa upande mmoja kwa 1.96 upate kosa sanifu, kisha endelea. Kwa sampuli ndogo, chini ya vipimo 30 hivi, 1.96 haitoshi, tumia thamani ya t ya sampuli hiyo.

Hatua ya 3: Rudisha mkengeuko sanifu

Zidisha kosa sanifu kwa kipeuo cha pili cha n:

```
SD ya 1 = 0.024 × √1850 = 0.024 × 43.01 = 1.03
SD ya 2 = 0.025 × √1790 = 0.025 × 42.31 = 1.06
```

Gramu moja na ushei. Hiyo inaingia akilini: korosho nyingi zitakuwa kati ya gramu 3.5 na 7.7.

Kisha unganisha mikengeuko miwili iwe mmoja. Makundi yakiwa na n zinazokaribiana, jumlisha miraba ya SD mbili, gawanya kwa mbili, toa kipeuo cha pili. Hapa inatoka 1.045. Kama n zimeachana sana, tumia kanuni kamili iliyo kwenye lahajedwali hapo chini, inayolipatia kundi kubwa uzito zaidi.

Hatua ya 4: Gawanya

```
d = (5.69 − 5.61) / 1.045 = 0.077
```

Hii ndiyo d ya Cohen, iliyopewa jina la mwanasaikolojia Mmarekani Jacob Cohen. Inasema wastani wa makundi umeachana kwa sehemu gani ya mkengeuko sanifu. Hapa ni chini ya sehemu ya kumi.

Wenye lahajedwali kwenye simu au kompyuta waweke n kwenye B2 na B3, wastani C2 na C3, kosa sanifu D2 na D3, kisha:

```
E2  =D2*SQRT(B2)
E3  =D3*SQRT(B3)
F2  =SQRT(((B2-1)*E2^2+(B3-1)*E3^2)/(B2+B3-2))
G2  =(C3-C2)/F2
H2  =G2/SQRT(1/B2+1/B3)
I2  =T.DIST.2T(ABS(H2),B2+B3-2)
```

G2 ni d, H2 ni t, I2 ni p. Kama jedwali lako tayari lina SD, ziandike moja kwa moja kwenye E2 na E3. Tunapendekeza sana usiruke I2: p yako ikitofautiana mno na ya kwenye picha, kuna namba umeisoma vibaya au umekosea kati ya SD na SE.

Usiandike d kwa desimali nne. Wastani wa bango umekatwa kwenye desimali ya pili, kwa hiyo tofauti halisi inaweza kuwa popote kati ya 0.07 na 0.09, na d kati ya 0.067 na 0.086. "Takriban 0.08" ndilo jibu la kweli.

Weka na mpaka wa uhakika. Kwa sampuli kubwa kama hizi, kosa sanifu la d ni karibu sawa na √(1/1850 + 1/1790), yaani 0.033. Zidisha kwa 1.96: d iko kati ya 0.01 na 0.14. Kwa lugha ya kawaida, data hii inasema athari ipo, na inasema kwa uhakika uleule kwamba ni ndogo. Hata ukingo wa juu haufiki 0.2.

Kwa nini kinyota kipo ilhali tofauti ni ndogo hivi

Geuza kanuni ya H2 uone kilicho ndani yake. Makundi yakiwa sawa kwa idadi:

```
t = d × √(n/2)
```

t inatokana na vitu viwili, ukubwa wa athari na idadi ya vipimo. Ukiwa na d ya 0.08 na korosho 100 kila upande, t ni 0.57 na hakuna kinyota. Ukipima 1,200 kila upande, t inafika 1.96 na kinyota kinatokea. Ukipima 5,000, t inakuwa 4 na bango litasema p < 0.001, watu watashtuka. Korosho ni zilezile na mpulizo ni uleule. Kilichobadilika ni saa za kukaa mbele ya mizani.

p inajibu swali finyu: kama mpulizo wa tano haufanyi kitu kabisa, kuna uwezekano gani wa kupata pengo kubwa kama hili au zaidi kwa bahati tu? Haisemi pengo ni kubwa kiasi gani. Neno "yenye maana kitakwimu" linawachanganya wengi kwa sababu kwa Kiswahili cha kila siku kitu chenye maana ni kitu cha maana.

Kuna namna nyingine ya kuiona d hii. Fumba macho, okota korosho moja kutoka kundi la mipulizo mitano na moja kutoka kundi la mipulizo minne. Ya mipulizo mitano itakuwa nzito zaidi mara 52 hivi katika 100. Sarafu ingekupa 50.

Hatua ya 5: Irudishe shambani

Hapa wengi hukimbilia vipimo vya Cohen: 0.2 ni ndogo, 0.5 ya wastani, 0.8 kubwa. Cohen mwenyewe alivitoa kwa ajili ya pale ambapo mtu hana kitu bora cha kulinganishia. Mkulima wa korosho anacho, nacho ni kilo na shilingi. Usiseme tofauti ni ya kupuuzwa kwa sababu tu d iko chini ya 0.2. Dawa ya bei ndogo yenye athari ndogo kwenye mikorosho mingi inaweza kulipa. Ya bei kubwa yenye d ya 0.5 inaweza kutia hasara.

Kwa hiyo fanya hesabu. Gramu 0.08 juu ya 5.61 ni ongezeko la asilimia 1.4. Kwa idadi ya korosho kwa kilo, ni kutoka 178 kwenda 176. Tuchukulie mti unatoa kilo 8 na idadi ya korosho mtini haibadiliki: unapata takriban gramu 114 zaidi kwa mti. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba mikorosho kama 28, kwa hiyo ni kilo 3.2 kwa ekari. Weka bei uliyopata mnadani kupitia chama chako. Kwa mfano wa 3,000 kwa kilo, ni shilingi 9,600 kwa ekari, kabla ya makato.

Upande wa pili weka mzunguko mmoja mzima: kama mti unakula robo kilo ya salfa, ekari ni kilo 7, juu yake mafuta ya mashine, kukodi mashine yenyewe na kibarua anayeamka alfajiri kupuliza umande ukiwa bado majanini. Kila mkulima anazijua gharama zake. Mwachie aziweke mwenyewe mbele ya hizo 9,600.

Angalizo moja la haki: hesabu hii ni ya uzito wa korosho moja tu. Ubwiriunga hushambulia maua na vikonyo vichanga, kwa hiyo faida kubwa ya salfa huja kwenye idadi ya korosho zinazoshika. Bango lililopima uzito wa korosho moja moja limepima pahali ambapo athari haitegemewi kuwa kubwa. Kama bango lina safu ya kilo kwa mti, rudia hatua zote kwa safu hiyo.

n ni korosho au mikorosho?

Swali hili lifike kwa aliyeandaa bango, maana picha haiwezi kulijibu. Korosho 1,850 zinaweza kuwa zimetoka kwenye miti 30 tu, 61 na ushei kila mti. Korosho za mti mmoja ni ndugu: zina mbegu moja, udongo mmoja, kivuli kimoja. Ukishapima 20 za mti huo, ya 21 haikuambii mengi mapya. Na salfa haikupuliziwa korosho moja moja, ilipuliziwa mti. Kwa hiyo kinachohesabika ni miti.

Uzito wa jambo hili unakokotoleka. Tuseme asilimia 20 ya mtawanyiko wote inatokana na tofauti kati ya mti na mti. Kizidishi ni 1 + (61 − 1) × 0.2 = 13. Korosho 1,850 zinabeba taarifa ya korosho kama 142 zilizookotwa kila moja mti wake. Kosa sanifu la tofauti linakua kwa √13, kutoka 0.035 hadi 0.125, na t inashuka kutoka 2.31 hadi 0.64. Kinyota kimeondoka. d yenyewe inabaki palepale karibu 0.08, lakini mpaka wake unapanuka hadi kuvuka sifuri.

Upande wa pili wa sarafu: hakuna kinyota, lakini kuna jambo

Chukua jedwali lingine la kutunga, safari hii kilo kwa mti, miti 12 kila kundi, na maelezo ya chini yakisema wazi ± ni SD:

```
Mipulizo 4    12   7.2 ± 3.1
Mipulizo 5    12   9.4 ± 3.4
p = 0.11
```

SD ya pamoja ni 3.25, hivyo d = 2.2 / 3.25 = 0.68. Sampuli ndogo huikuza d kidogo, kwa hiyo irekebishe kwa kizidishi cha Hedges:

```
g = d × (1 − 3 / (4 × (n1 + n2 − 2) − 1))
g = 0.677 × (1 − 3/87) = 0.65
```

Kwenye jedwali la kwanza marekebisho haya hayabadilishi chochote; kwenye vikundi vya chini ya 20 yafanye kila mara.

Kilo 2.2 kwa mti ni kilo 62 kwa ekari, karibu mara ishirini ya zile 3.2. Hata hivyo bango la namna hii huishia kwa maneno "hakuna tofauti", na picha yake haitumwi kwa mtu. Maneno hayo si sahihi. Mpaka wa uhakika wa g unaanzia −0.14 hadi 1.45: data inakubaliana na kutokuwepo athari, na inakubaliana pia na athari kubwa mno. Miti 12 haitoshi kutofautisha.

Anayetaka kujua alirudie jaribio kwa miti ya kutosha. Idadi kwa kila kundi, ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona athari kama ipo, ni takriban 16 ikigawanywa kwa mraba wa d. Usiweke 0.65, maana athari zinazoonekana kwenye majaribio madogo mara nyingi zimetiwa chumvi na bahati. Weka 0.5, upate miti 64 kila upande. Igawe kwa kura ndani ya shamba lilelile, acha mistari miwili ya mikorosho katikati ili salfa isipeperuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na safari hii andika chini ya jedwali ± ni nini, kwa herufi zinazosomeka kutoka nyuma ya ukumbi.